Hisa zikigawanywa, hisa za hazina nazo zinakwenda wapi?

Chukua kampuni yenye hisa 1,000,000. Miezi michache iliyopita ilinunua hisa zake yenyewe 100,000 kutoka kwa wanahisa, na haikuzifuta, imezihifadhi. Sasa bodi inatangaza kwamba kila hisa moja itakuwa hisa nne. Asubuhi ya siku hiyo mhasibu anafungua leja na kukuta maswali mawili yakimngoja. Je, zile hisa 100,000 zilizohifadhiwa nazo zinakuwa nne nne? Na mtaji wa wenye hisa, ule mstari wa chini kabisa wa mizania, umepanda, umeshuka au umebaki palepale?

Kuna matukio mawili hapa, kampuni kununua hisa zake na kuzigawanya, na kila moja, ukilitazama peke yake, halina ugumu mkubwa. Watu wanajikwaa pale yanapokutana katika kampuni moja. Kwa hiyo nitaichukua kampuni hii ya mfano na kuifuata hatua kwa hatua, kutoka siku ilipouza hisa zake za kwanza hadi siku itakapoziuza tena zile ilizohifadhi. Ukiwa na kalamu na karatasi, andika namba nasi. Ni chache.

Ilipoanza, kampuni iliuza hisa 1,000,000 kwa shilingi 25 kila moja. Hati zake za uandikishaji zinasema kila hisa ina thamani ya jina ya shilingi 10. Thamani ya jina ni kiwango kilichoandikwa kwenye hati, na haina uhusiano na bei ya sokoni. Kazi yake ni ya kisheria na ya kihasibu: inaamua ni sehemu gani ya fedha za wanahisa itaandikwa kama mtaji wa hisa na ni sehemu gani itaandikwa kama ziada. Hapa shilingi 10 za kila hisa ziliingia kwenye mtaji wa hisa, jumla 10,000,000, na shilingi 15 zilizobaki zikaingia kwenye ziada ya hisa, jumla 15,000,000. Miaka ikapita, kampuni ikapata faida, sehemu ikagawa gawio na sehemu ikaibakiza. Faida hiyo limbikizi imefika 35,000,000. Ukijumlisha yote, mtaji wa wenye hisa ni shilingi 60,000,000.

Kisha kampuni ikaingia sokoni na kununua hisa zake 100,000 kwa shilingi 80 kila moja. Ilitoa shilingi 8,000,000 taslimu. Hisa zilizorudi namna hii bila kufutwa ndizo zinaitwa hisa za hazina. Jina hili linawapotosha wengi, kwa sababu hazina ni mahali pa kuweka mali, na mtu anadhani kampuni sasa ina mali mpya ya shilingi 8,000,000. Haina. Kampuni haiwezi kujimiliki. Ikinunua hisa ya kampuni nyingine, imepata dai juu ya mali ya wengine. Ikinunua hisa yake yenyewe, imepata dai juu ya mali ambayo tayari ni yake. Kilichotokea hasa ni kwamba baadhi ya wanahisa walichukua fedha zao wakaondoka.

Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 32 kinataka gharama ya hisa hizo ipunguzwe moja kwa moja kutoka kwenye mtaji wa wenye hisa. Kiwango hichohicho kinakataza kampuni kuandika faida au hasara kwenye taarifa ya faida na hasara kwa kununua, kuuza, kutoa au kufuta hisa zake. Mhasibu anadebiti hisa za hazina 8,000,000 na kukrediti fedha taslimu 8,000,000. Mtaji wa hisa hauguswi, ziada haiguswi, faida limbikizi haiguswi. Unaongezwa tu mstari mpya wenye namba iliyo ndani ya mabano, yaani ya kutoa, na jumla inashuka hadi 52,000,000.

Angalia pia hesabu ya idadi, kwa sababu kuanzia hapa tutakuwa na idadi mbili. Hisa zilizotolewa bado ni 1,000,000, kwa kuwa hakuna hata moja iliyofutwa. Hisa zilizo mikononi mwa wanahisa ni 900,000. Hisa za hazina hazipigi kura, hazipati gawio, na haziingii katika kukokotoa faida kwa kila hisa. Zipo kwenye daftari la hisa, lakini zimelala.

Mwanahisa aliyebaki hakufanya chochote, ila nafasi yake imebadilika. Tuseme ana hisa 9,000. Mwanzo alikuwa na asilimia 0.9 ya kampuni. Sasa hisa zake 9,000 zinahesabiwa dhidi ya 900,000, na amefika asilimia 1. Anamiliki kipande kikubwa zaidi cha kampuni yenye fedha pungufu. Kama amepata au amepoteza kunategemea bei ambayo kampuni ililipa. Kabla ya ununuzi, thamani ya vitabu kwa kila hisa ilikuwa 60, yaani 60,000,000 kugawanya kwa 1,000,000. Baada yake ni 52,000,000 kugawanya kwa 900,000, yaani 57.78. Imeshuka kwa sababu kampuni ililipa 80 kwa kitu ambacho vitabu vinakihesabu kuwa 60. Hilo peke yake halithibitishi kwamba ununuzi ulikuwa mbaya, kwa kuwa vitabu mara nyingi havionyeshi thamani yote ya biashara. Lakini linathibitisha kwamba kununua hisa ni tukio la kweli: fedha zimetoka mlangoni, na uwiano kati ya wamiliki umebadilika.

Sasa tuje kwenye mgawanyo.

Bei ya sokoni imefika shilingi 104, na bodi inaamua hisa moja iwe nne. Katika mgawanyo halisi, kampuni inabadilisha hati zake: hisa zilizotolewa zinazidishwa kwa 4, na thamani ya jina inagawanywa kwa 4. Hisa 1,000,000 zenye thamani ya jina 10 zinakuwa hisa 4,000,000 zenye thamani ya jina 2.50. Zidisha: 4,000,000 mara 2.50 ni 10,000,000 ileile. Hakuna fedha iliyoingia wala kutoka, kwa hiyo hakuna cha kudebiti wala kukrediti. Mhasibu anaandika kumbukumbu ya maelezo tu, akitaja tarehe, uwiano, idadi mpya na thamani mpya ya jina.

Na zile hisa za hazina? Mgawanyo unaofanywa kwa kubadilisha hati unagusa kila hisa iliyotolewa, iwe kwa mwanahisa au kwenye daftari la kampuni yenyewe. Hisa 100,000 zinakuwa 400,000. Gharama yake ya jumla inabaki 8,000,000, kwa sababu kampuni haikulipa hata senti moja zaidi. Kinachobadilika ni gharama ya kila moja, ambayo sasa ni shilingi 20 badala ya 80. Ishike namba hii 20, tutaihitaji.

Nikiweka hatua zote tatu pamoja, na kuiacha nje faida ya mwaka ili tuone matukio haya mawili tu, mtaji wa wenye hisa unaonekana hivi:

| | Mwanzo | Baada ya kununua hisa | Baada ya mgawanyo |
|---|---|---|---|
| Mtaji wa hisa | 10,000,000 | 10,000,000 | 10,000,000 |
| Ziada ya hisa | 15,000,000 | 15,000,000 | 15,000,000 |
| Faida limbikizi | 35,000,000 | 35,000,000 | 35,000,000 |
| Hisa za hazina | 0 | (8,000,000) | (8,000,000) |
| Jumla | 60,000,000 | 52,000,000 | 52,000,000 |

Safu ya pili na ya tatu zinafanana neno kwa neno. Kila akaunti katika jedwali hili inahifadhi fedha, haihifadhi idadi ya hisa, na mgawanyo ni tukio la idadi pekee. Kila ninapochanganyikiwa na muamala wa hisa, najiuliza kwanza kama kuna fedha iliyovuka mlango wa kampuni. Ikiwa hakuna, jumla haiwezi kubadilika, na kilichobaki ni kutafuta kama kuna akaunti za ndani zilizobadilishana.

Mwanahisa wetu mwenye 9,000 sasa ana 36,000. Hisa zilizo mikononi mwa wanahisa ni 3,600,000, yaani 4,000,000 kutoa 400,000. Bado ana asilimia 1. Thamani ya vitabu kwa kila hisa ni 14.44, robo kamili ya 57.78. Bei sokoni inategemewa kuanza karibu na 26, na thamani ya kampuni nzima ni 93,600,000 kabla na baada. Soko linaweza kuipandisha au kuishusha bei hiyo siku yenyewe. Apple walipogawanya hisa moja kuwa nne mwaka 2020, bei ya mwisho kabla ya mgawanyo ilikuwa dola 499.23. Robo yake ni kama dola 124.81, na biashara ya tarehe 31 Agosti ilifunguliwa juu kidogo ya hapo. Tofauti hiyo ndogo ni ya wanunuzi na wauzaji. Vitabu vya kampuni havikuhusika.

Hapo ndipo maelezo mengi yanapoishia, na hapo ndipo mimi naona ugumu unapoanza, kwa sababu si kila kinachotangazwa kama mgawanyo kinafanyika kwa njia hii.

Kampuni nyingi hazipendi kubadilisha thamani ya jina. Zinaiacha ilivyo na kutoa hisa za nyongeza bila malipo, tatu kwa kila moja iliyopo, mpaka mwanahisa anajikuta na nne. Kwake yeye matokeo ni yaleyale. Kwenye leja si yaleyale. Kama kampuni yetu ingebakiza thamani ya jina kuwa 10, hisa 3,000,000 za nyongeza zingehitaji shilingi 30,000,000 ziandikwe kama mtaji wa hisa. Kwa kuwa hakuna aliyelipa, fedha hizo lazima zihamishwe kutoka akaunti nyingine za wanahisa: 15,000,000 zote za ziada, na 15,000,000 nyingine kutoka faida limbikizi. Mtaji wa hisa unakuwa 40,000,000, ziada inakuwa sifuri, faida limbikizi inabaki 20,000,000, hisa za hazina zinabaki kutoa 8,000,000. Jumla ni 52,000,000, haikusogea. Lakini ndani yake kuna jambo zito limetokea. Katika nchi nyingi gawio linaweza kulipwa kutoka kwenye faida iliyobakizwa, na mtaji wa hisa umefungwa. Shilingi 15,000,000 ambazo jana zingeweza kugawiwa, leo zimefungwa.

Mfano halisi mzuri wa njia hii ni Coca-Cola. Mwaka 2012 kampuni hiyo iligawanya hisa moja kuwa mbili, na thamani ya jina ikabaki senti 25 za dola. Kabla ya hapo ilikuwa imetoa hisa milioni 3,520, ambazo kwa senti 25 kila moja zinafanya mtaji wa hisa wa dola milioni 880. Baada ya hapo hisa zilizotolewa zikawa milioni 7,040, na mstari wa mtaji wa hisa ukasomeka dola milioni 1,760. Mtu asiyejua angeweza kudhani wanahisa wamechangia dola milioni 880 mpya. Hawakuchangia kitu. Na kwa wanaofuatilia hisa za hazina, mfano huu una jambo jingine la thamani. Idadi iliyoongezeka maradufu ni ile ya hisa zote zilizotolewa, na Coca-Cola imekuwa ikihifadhi hisa nyingi sana za hazina. Kama hisa za hazina zingeachwa nje, zilizotolewa zisingefika mara mbili kamili.

Kuziacha nje kunawezekana. Hisa za nyongeza zinapotolewa kwa sura ya gawio la hisa, swali la kama hisa za hazina zinapata sehemu linajibiwa na sheria ya nchi na uamuzi wa bodi. Sheria ya makampuni ya Uingereza ya mwaka 2006, kwa mfano, inazinyima hisa za hazina gawio la fedha lakini haizuii zipewe hisa za bonasi. Kwingine bodi inaamua kwamba nyongeza ni kwa walio nje tu. Kwa kampuni yetu, uamuzi huo ungeleta hisa mpya 2,700,000 badala ya 3,000,000. Zilizotolewa zingekuwa 3,700,000, za hazina zingebaki 100,000, na zilizo mikononi mwa wanahisa zingekuwa 3,600,000 zilezile. Mwanahisa wetu bado angekuwa na asilimia 1. Tofauti ingekuwa kwa kampuni: gharama ya vitabu ya kila hisa ya hazina ingebaki 80, wakati hisa hiyo sasa inauzwa 26. Akiba yake ya hisa za kuwapa wafanyakazi au za kuuza baadaye ingekuwa imepungua hadi robo ya uzito wake wa zamani. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, soma azimio la bodi. Tangazo la soko la hisa kwa kawaida linatoa uwiano na tarehe, na jibu la swali hili unalipata ndani ya azimio au katika maelezo ya hesabu.

Kuna pia kampuni ambazo swali lenyewe halizihusu. Sheria ya jimbo la California, ambako Apple imeandikishwa, inazichukulia hisa zilizonunuliwa tena kuwa zimerudi kwenye kundi la hisa zilizoidhinishwa lakini hazijatolewa. Ndiyo maana Apple, pamoja na kununua hisa zake kwa fedha nyingi kiasi kile, haina mstari wa hisa za hazina kwenye mizania yake. Mgawanyo wake unagusa hisa zilizo hai tu.

Hisa zilizoidhinishwa nazo zinastahili neno moja. Hizo ni kikomo ambacho hati zinaruhusu. Kampuni iliyoidhinishiwa hisa 3,000,000 haiwezi kutoa 4,000,000 kwa kutaka tu. Wanahisa au bodi, kulingana na sheria, lazima waongeze kikomo kwanza. Apple mwaka 2020 ilipandisha kikomo chake kutoka hisa bilioni 12.6 hadi bilioni 50.4, mara nne kamili. Kikomo hakina akaunti wala fedha.

Turudi kwenye ile namba 20, kwa maana hapa ndipo nimewahi kukuta kosa linalouma. Miezi sita baada ya mgawanyo halisi, kampuni yetu inauza hisa 100,000 za hazina kwa shilingi 26 kila moja na kupokea 2,600,000. Gharama ya hisa hizo ni 100,000 mara 20, yaani 2,000,000. Ingizo sahihi linadebiti fedha taslimu 2,600,000, linakrediti hisa za hazina 2,000,000, na 600,000 iliyobaki inaingia ziada. Haipiti kwenye taarifa ya faida na hasara, hata kama kila mtu ofisini anaiita faida.

Karani ambaye kadi yake ya hisa za hazina bado imeandikwa hisa 100,000 kwa shilingi 80 anaona kitu kingine kabisa. Kwake, kampuni imeuza kwa 26 kitu kilichonunuliwa kwa 80. Anakrediti hisa za hazina 8,000,000 zote, anadebiti fedha 2,600,000, na pengo la 5,400,000 analipeleka faida limbikizi kama upungufu. Sasa jaribu kulikamata kosa hili kwa njia ya kawaida, kwa kuangalia jumla. Kwa ingizo sahihi, mtaji wa wenye hisa unapanda kutoka 52,000,000 hadi 54,600,000. Kwa ingizo la karani, hisa za hazina zimepungua kwa 8,000,000 na faida limbikizi imepungua kwa 5,400,000. Tofauti ni 2,600,000, na jumla ni 54,600,000. Mizania inalingana. Fedha benki zinalingana. Kila ukaguzi wa jumla unapita.

Kilichoharibika ni mpangilio wa ndani wa akaunti. Faida limbikizi inaonyesha 29,600,000 badala ya 35,000,000, na bodi inayopanga gawio inaamini ina uwezo mdogo kuliko ilionao. Akaunti ya hisa za hazina inaonyesha sifuri, ilhali daftari la hisa linaonyesha kampuni bado ina 300,000. Hapo ndipo pa kulikamata. Chukua salio la akaunti ya hisa za hazina, ligawanye kwa idadi iliyo kwenye daftari la hisa, kisha ulinganishe na bei zilizolipwa baada ya kuzirekebisha kwa mgawanyo. Kwa vitabu sahihi, 6,000,000 kugawanya kwa 300,000 ni 20. Kwa vitabu vya karani unapata sifuri, na hakuna kampuni iliyonunua hisa zake bure. Nilipolikuta kosa la aina hii kwenye kampuni moja, halikuonekana kwenye mizania hata kidogo. Lilionekana nilipoomba daftari la msajili wa hisa na kuliweka kando ya leja.

Kinyume chake nacho kinatokea: kompyuta inazidisha idadi kwa 4 lakini inaacha gharama ya kila hisa 80, na ghafla hisa za hazina zinasomeka 32,000,000. Hilo angalau linajitangaza, kwa sababu mizania inakataa kulingana.

Limebaki suala moja ambalo wasomaji wa ripoti za mwaka hukosea kuliko yote, nalo ni faida kwa kila hisa. Tuseme mwaka jana kampuni ilipata faida ya 8,000,000 ikiwa na hisa 1,000,000 mikononi mwa wanahisa, yaani shilingi 8 kwa hisa. Mwaka huu imepata 9,000,000, na kwa urahisi tuchukulie hisa 100,000 zilinunuliwa siku ya kwanza ya mwaka. Kabla ya mgawanyo, hiyo ni shilingi 10 kwa hisa. Baada yake, 9,000,000 kugawanya kwa 3,600,000, ni 2.50. Mtu akiweka 8 ya mwaka jana kando ya 2.50 ya mwaka huu ataona kampuni inaporomoka.

Kiwango cha IAS 33 kinazuia hilo kwa kutaka mgawanyo urekebishwe kwa miaka yote inayoonyeshwa, kana kwamba ulikuwapo tangu mwanzo. Hata ukifanyika baada ya mwaka kufungwa lakini kabla hesabu hazijaidhinishwa, lazima uonekane. Shilingi 8 ya mwaka jana inaandikwa upya kuwa 2, na ulinganisho wa haki ni 2 kwenda 2.50.

Lakini ununuzi wa hisa za hazina haurekebishwi kurudi nyuma. Unahesabiwa kuanzia siku uliyofanyika, kwa wastani wenye uzito wa muda; kama ungefanyika katikati ya mwaka, hisa za mwaka huo zingekuwa wastani wa 950,000 kabla ya kuzidisha kwa 4. Sababu ni ileile tuliyoanza nayo. Mgawanyo haukubadilisha rasilimali za kampuni, kwa hiyo hakuna dhambi kuupeleka nyuma. Ununuzi uliondoa shilingi 8,000,000 siku fulani, na kabla ya siku hiyo fedha zile zilikuwa zinafanya kazi ndani ya kampuni kwa faida ya hisa zote 1,000,000.

Ukishalijua hilo unaweza kuisoma ile 2 kwenda 2.50 kwa jicho kali zaidi. Faida kwa hisa imekua kwa asilimia 25. Faida yenyewe imekua kutoka 8,000,000 hadi 9,000,000, asilimia 12.5 tu. Kama hisa zingebaki 1,000,000, zikigawanywa kuwa 4,000,000, ungepata 2.25. Senti 25 za mwisho zimetoka kwenye hisa zilizolala, si kwenye biashara.

Mgawanyo wa kinyume, ule wa kuunganisha hisa nyingi kuwa moja, unafuata njia hiyohiyo ukigeuzwa. Citigroup waliunganisha hisa kumi kuwa moja Mei 2011, na idadi ikashuka kutoka takribani bilioni 29 hadi bilioni 2.9. Mgawanyo huu wa kinyume una tofauti moja ndogo inayogusa fedha. Mwenye hisa 47 hawezi kupewa hisa 4.7, na kwa kawaida kampuni inamlipa taslimu ile 0.7. Hapo mlango umefunguka kidogo, fedha imetoka, na mtaji wa wenye hisa unashuka kwa kiasi hicho. Utaukuta mstari huo kwenye taarifa ya mabadiliko ya mtaji, mara nyingi mdogo sana, pembeni ya mistari yenye mamilioni.